Kishindo Kinachopandisha Maji

Mwaka 1796 Mfaransa Joseph Montgolfier, yule aliyerusha puto la hewa moto pamoja na nduguye, alitengeneza pampu inayoendeshwa na maji yaleyale inayoyapandisha. Ndiyo haidramu: haina mota, haili mafuta.

Maji ya kijito hushuka kwenye bomba la msukumo na kumwagika nje kupitia vali ya kutupia maji. Yakishika kasi ya kutosha huifunga vali hiyo ghafla. Kwa kuwa yamekatiziwa njia yakiwa mbioni, shinikizo hupanda papo hapo. Ni kishindo kilekile kinachosikika ukutani koki inapofungwa kwa pupa. Kishindo hicho hufungua vali ya pili na kuingiza maji kidogo kwenye chupa ya hewa, ambayo huyasukuma taratibu hadi tangini. Shinikizo likishuka, vali ya kutupia hufunguka tena, na mzunguko hurudiwa makumi ya mara kila dakika.

Gharama yake ni maji mengi yanayorudi mtoni. Tuseme kijito kinaingiza lita 60 kwa dakika, maji yanashuka mita 2 hadi kwenye pampu, na tangi liko mita 20 juu ya pampu. Zidisha 60 kwa 2, gawanya kwa 20: lita 6. Lakini pampu hupoteza nguvu. Ikifanya kazi kwa asilimia 60, zinabaki lita 3.6 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 5,000 kwa siku, kwani hailali.

Mafundi wengi huharibu kazi kwenye bomba la msukumo. Kwa lita 60, bomba la inchi 2 linafaa. Urefu wake huwa takribani mara 4 hadi 7 ya mteremko, yaani mita 8 hadi 14 hapa. Kisha urefu hupimwa kwa kipenyo: usipungue mara 150 wala kuzidi mara 1,000. Vipande viwili vya mita 6 vinatoa mita 12, mara 240 ya kipenyo, na vimefaulu vipimo vyote viwili. Likiwa fupi mno, kishindo huisha kabla maji ya kutosha hayajaingia chupani. Likiwa refu mno, msuguano huyapunguzia kasi na vali hugonga kivivu.

Liwe la chuma na lilazwe limenyooka, maana plastiki hutanuka na kumeza kishindo. Chanzo kikiwa mbali, plastiki ilete maji hadi kwenye tangi dogo lililo wazi, na bomba la chuma lianzie hapo.

Pampu ikianza kugonga kwa ukali na bomba la kwenda tangini likitikisika, hewa imekwisha chupani. Fundi huisimamisha, humwaga maji yaliyo chupani, kisha huzibua kwa waya kitobo kidogo kilicho chini ya vali ya pili, kinachovuta hewa kidogo kila mzunguko.