Nembo ya Shilingi 3,500 Iliyofika 8,500

Dada yangu husaga siagi ya karanga nyumbani kwake Kimbo, Ruiru, na kuiuza kwenye makopo ya gramu 400 kwa maduka ya mtaani na kwa wateja wa Thika anaowatumia kwa matatu. Alipotaka nembo, aliuliza bei kwa watu watatu. Duka la uchapishaji mjini Thika lilimwambia nembo ni bure mradi achapishe stika kwao. Dizaina wa Makongeni anayefanya kazi kivyake alitaka 3,500, marekebisho mara mbili yakiwa ndani ya bei hiyo na kila raundi inayozidi iwe 500. Wa tatu, mwenye ofisi karibu na Kamakis, alitaka 12,000, ila angekuja kwanza kukaa naye na kumuuliza maswali.

Alimchukua wa 3,500, na hata mimi ningefanya hivyo. Kosa lilikuwa kwenye ujumbe aliomtumia pamoja na pesa ya kuanzia: “Nataka nembo ya siagi ya karanga, iwe ya kisasa, yenye mvuto, rangi za kung’aa. Nakuachia ubunifu.”

Rasimu ya kwanza ilikuwa karanga iliyovaa miwani, jina likiwa kwa herufi nyembamba za mwandiko wa mkono, na rangi tano zinazofifia moja ndani ya nyingine. Dada alikasirika, lakini ukisoma tena ule ujumbe utaona dizaina alitii kila neno. Kwake yeye “ya kisasa” ni katuni. Kwa dada ni herufi nene na nafasi tupu. Zilifuata raundi sita. Mbili zilikuwa zimelipiwa, nne zikaongeza 2,000. Akiwa amechoka, alikubali ya mwisho na kuchapisha stika 300 kwa shilingi 10 kila moja. Zilipobandikwa kwenye kifuniko cha sentimita 6, jina halikusomeka, kwa sababu mistari ya herufi ilikuwa myembamba mno kwa kipimo hicho. Stika zilitupwa. Jumla yake ni 3,500, na 2,000, na 3,000, yaani 8,500, bila nembo.

Ndipo tulipoketi jioni moja na kuandika upya. Dizaina alibaki yuleyule na bei ileile, ila safari hii tulimpa ukurasa mmoja. Nauweka hapa karibu wote, kwani ndani yake ndimo pesa zilimookolewa.

“Jina ni maneno mawili, yaandikwe kama nilivyoyaandika hapa, bila kaulimbiu. Mnunuzi ni mama anayenunua kifungua kinywa cha watoto dukani, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye rafu. Nembo itakaa sehemu tatu: lebo ya kopo yenye upana wa sentimita 9, kifuniko cha sentimita 6, na duara la picha la WhatsApp. Kifuniko ndicho kidogo kuliko vyote, kwa hiyo anza nacho. Baadaye itachapishwa kwenye aproni, kwa hiyo rangi zisizidi mbili na zisififie. Ninayoipenda: Del Monte, kwa sababu jina la njano juu ya nyekundu linasomeka hata lori likipita, lakini sitaki ngao kama yao. Nisichotaka: katuni, herufi za mwandiko wa mkono, jani la kijani. Nipe kwanza michoro mitatu kwa rangi nyeusi tu. Nikichagua mmoja, ndipo tuweke rangi. Mwishoni nipe faili za SVG, PDF na PNG isiyo na mandhari ya nyuma. Mwenye kuamua ni mimi peke yangu.”

Tazama jinsi neno “kisasa” lilivyotoweka. Kila sifa iligeuzwa kuwa kitu kinachoonekana kwa macho au kinachopimwa kwa rula. Ukijikuta umeandika “yenye hadhi” au “ya kipekee”, jiulize ungemwonyesha dizaina nini kwa kidole. Ukikipata, andika hicho. Usipokipata, futa neno.

Kikomo cha rangi mbili kina hesabu yake. Kitambaa kikichapishwa kwa skrini, kila rangi huhitaji fremu yake, kwa hiyo rangi ya tatu ni gharama utakayokutana nayo kila unapochapisha nembo juu ya kitu kipya. Rangi inayofifia kidogo kidogo ni ngumu zaidi kwa njia hiyo. Tena rangi za kung’aa zinazopendeza kwenye simu hupoa zikifika kwenye karatasi, kwa kuwa simu hutoa mwanga na wino hautoi. Dada alichagua kahawia nzito na krimu. Mafuta ya karanga hupanda juu na kuvuja kidogo mdomoni mwa kopo, na kahawia huficha doa ambalo nyeupe ingelionyesha.

Kuomba michoro myeusi kwanza ndiko kulikookoa muda mwingi zaidi. Mtu akionyeshwa rangi, hujadili rangi na kusahau umbo. Michoro mitatu ilipofika, tuliichapisha kwa ukubwa halisi wa kifuniko, tukaikata kwa mkasi, tukaibandika kwenye makopo na kurudi hatua mbili. Mmoja ulikufa hapo hapo. Wa pili ulikuwa umekaribia sana kile dada alichokuwa nacho kichwani. Aliomba herufi zisogezwe karibu kidogo, na hiyo ikawa raundi pekee ya marekebisho. Alilipa 3,500 kamili.

Ile nembo ya bure nayo ina gharama yake. Tulipouliza, tuliambiwa faili ingebaki dukani, na kama angetaka kuondoka nayo angepewa picha ya JPEG. Picha ya namna hiyo ukiikuza kwa bango huwa na kingo zilizochakaa, na utamlipa mtu mwingine aichore upya. Faili ya SVG hukuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kuharibika, ila hakikisha imechorwa kweli, si picha iliyowekwa ndani ya faili yenye jina hilo. Ikuze mara kumi kwenye kompyuta: kingo zikibaki laini, umepata unachostahili.

Ukurasa wa maelezo hauwezi kila kitu. Hauwezi kukuchagulia jina, wala hauwezi kukuambia kama mtu mwingine amekwishasajili nembo inayofanana na yako. Hilo huulizwa KIPI, na ni heri uulize kabla ya kumlipa dizaina. Pia ukiandika kupita kiasi, hadi unamwamuru kila mstari ukae wapi, utaletewa mchoro wako mwenyewe kwa mkono wa mtu mwingine. Sisi tulisema nembo itakaa wapi, isomwe na nani na isiwe nini. Umbo tulimwachia, na hakutuangusha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ikiwa jina unalo na unajua mnunuzi wako ni nani, chukua dizaina wa 3,500 na umwandikie ukurasa. Ikiwa bado unabishana na mwenzako kuhusu jina, au mko watatu na kila mmoja ana nembo yake kichwani, yule wa 12,000 ni nafuu, maana maswali yake ndiyo unayonunua. Na kabla hujatuma pesa ya kuanzia kwa yeyote kati yao, chukua rula, upime kifuniko chako na uandike hicho kipimo.