Filamu moja, midomo 900: gharama ya kuingiza Kiswahili kwa watazamaji wa Gitega na Muyinga

Filamu ya dakika 90 inayokwenda kwa fremu 24 kila sekunde ina fremu 129,600. Mtazamaji hazihesabu, ila jicho lake linazifuata. Sauti ikitangulia mdomo kwa fremu moja tu, au ikichelewa kwa fremu tatu, anaanza kuhisi kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, yanaweka mipaka ya kugundulika hapo hapo: milisekunde 45 sauti ikiwahi, 125 ikichelewa. Kwenye nafasi hiyo finyu ndiko pesa za kuingiza sauti zinakoishia, na anayepanga bajeti bila kuijua hufilisika akiwa studio.

Eneo letu limezoea njia mbili, na gharama zake zimepishana mno. Ya kwanza ni ya msimulizi mmoja. Jijini Dar es Salaam marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili akiwa peke yake, akisema maneno ya mhusika, akieleza tukio na kuongeza chumvi yake. Kenya anajulikana DJ Afro. Kazi hiyo haihitaji mdomo ulingane na sauti, kwa hiyo mtu mmoja mwenye kipaji anaweza kuimaliza kwa muda mfupi.

Njia ya pili ni kila mhusika kupewa sauti yake, nayo ifuate mdomo. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilianza kurusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, vipindi 36, ikiwa na sauti za Kiswahili zilizorekodiwa Beijing. Baadaye StarTimes iliendesha mashindano ya sauti Tanzania na kuwapeleka washindi Beijing kufanya kazi hiyo. Nyuma ya njia hii kuna kampuni kubwa yenye studio na vipindi vingi. Je, mtu wa Gitega au Muyinga anayetaka kuonyesha filamu moja ya Kifaransa kwa Kiswahili anaimudu?

Hesabu ya kazi

Tuchukue filamu ya mfano: dakika 90, maneno 9,000 ya mazungumzo, vipande 900 vya usemi, wahusika wakubwa 12. Bei zifuatazo ni za mfano pia, kwa faranga za Burundi. Kila mtu aweke za kwake. Mwendo wa hesabu hautabadilika.

Tafsiri ya kwanza, kwa mwendo wa maneno 250 kwa saa, inachukua saa 36. Kisha tafsiri hiyo inarudiwa kipande kwa kipande mbele ya picha ili ikae mdomoni. Kwa vipande 20 kwa saa, hizo ni saa 45. Saa ya mezani ikiwa faranga 15,000, hatua hizi mbili zinagharimu 1,215,000.

Kurekodi ndiko kunakomeza pesa. Saa ya studio inabeba chumba, fundi, mwongozaji na umeme. Tuiweke faranga 60,000. Mwigizaji aliyezoea akirekodi vipande 25 kwa saa, vyote 900 vinakwisha kwa saa 36, yaani 2,160,000. Waigizaji wakilipwa 2,000 kwa kipande, ongeza 1,800,000. Kuhariri na kuchanganya sauti kwa saa 40, kila saa 30,000, ni 1,200,000. Jumla yote ni faranga 6,375,000, kabla ya kulipia haki ya filamu yenyewe.

Sasa badilisha jambo moja tu. Waweke watu wasiozoea, wanaomaliza vipande 12 kwa saa. Studio inapanda kutoka saa 36 hadi 75, na jumla inafika 8,715,000. Ongezeko hilo linapita theluthi moja, na filamu haijawa bora kwa lolote.

Kuchagua sauti kabla ya kukodi studio

Ndiyo maana usaili unapaswa kufanyika mbele ya picha. Mtu anaweza kusoma karatasi kwa sauti ya kupendeza, kumbe akiangalia skrini anachelewa kila mara. Mpe vipande kumi vya filamu yenyewe, mwache ajaribu kila kimoja mara tatu, kisha hesabu vingapi vimekubalika. Hesabu hiyo inakwambia atakula saa ngapi za studio.

Kwa msemaji wa Kirundi, sikiliza pia mambo mawili. Kwanza ni l na r: “kula” na “kura” lazima zisikike mbalimbali, maana mtazamaji wa filamu hana nafasi ya kuuliza. Pili ni mkazo. Kirundi ni lugha ya toni, ilhali Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mwigizaji wa kigeni anapotikisa kichwa au kupiga meza, silabi hiyo ndiyo inayotakiwa kuangukia tendo lake. Mambo haya yanafundishika, ila yafundishwe kabla mita ya studio haijaanza kuzunguka.

Wahusika 12 hawahitaji waigizaji 12. Chora jedwali la matukio, uone nani hakutani na nani, na watu saba wanaweza kutosha. Tahadhari ni moja: sauti mbili za mtu mmoja zisifuatane. Mtazamaji atamsamehe daktari anayefanana sauti na dereva aliyepita nusu saa nyuma, lakini si aliyepita dakika moja iliyopita.

Hebu baki

Si vipande vyote 900 vinavyodai kazi sawa. Mhusika akiwa amegeuza mgongo, yuko mbali, au anasikika kwenye simu, mfasiri ana uhuru. Taabu iko kwenye sura iliyojaza skrini.

Tuone kimoja. Mwanamke amesimama mlangoni, uso wake umejaa skrini, anamwambia mumewe kwa Kifaransa asiondoke. “Ne pars pas” ni maneno matatu, silabi tatu, na midomo inafumba kwenye silabi ya pili na ya tatu. Tafsiri ya moja kwa moja ni “usiondoke”: silabi tano, na hakuna hata moja inayofumba midomo. Tukikadiria silabi sita kwa sekunde, Kifaransa kinachukua fremu 12 na Kiswahili fremu 20. Kwa fremu nane mwanamke yule atakuwa anasema huku mdomo umetulia.

Jaribu “hebu baki”. Silabi ni nne, na midomo inafumba kwenye “bu” na “ba”, yaani ya pili na ya tatu, pale pale pa Kifaransa. “Ki” ya mwisho inapita wakati mdomo wake bado uko wazi. Ziada imeshuka hadi fremu nne, na mwigizaji akiharakisha kidogo inapotea. Hata hivyo kuna kilichobadilika: “hebu” inabembeleza. Ikiwa mwanamke anasihi, tumepata. Ikiwa anaamuru, haifai, na mfasiri arudi kutafuta “ubaki hapa” au jingine. Huko kutafuta ndiko kulikolipiwa saa 45 za mezani.

Mwisho wa sentensi una shida yake. Karibu kila neno la Kiswahili linaishia kwa irabu, na lugha nyingi za Ulaya hufunga kwa konsonanti. Mhusika anapomaliza kwa midomo iliyofumba, sentensi yetu inamwacha akiwa wazi. Maneno yanayoishia kwa -mu au -bu, kama “muhimu”, “salamu” au “jibu”, husaidia, kwa sababu u huikusanya midomo hata isionekane kupanuka. Mfasiri mzuri huweka akiba ya maneno ya aina hiyo.

Jaribio la kujua kama kipande kimekaa ni rahisi. Kitazame bila sauti, kisha kisikilize umefumba macho, kisha fanya yote pamoja. Kikishinda kwa macho na kuanguka kwa masikio, tatizo ni tafsiri. Kikishinda kwa masikio na kuanguka kwa macho, tatizo ni mdomo.

Kiswahili cha nani?

Karibu kila Mrundi anazungumza Kirundi, na anayetaka kumfikia kila mtu Gitega achague Kirundi. Hoja ya Kiswahili ni nyingine. Muyinga iko kwenye barabara ya Kobero, mpakani na Tanzania, na biashara ya huko huzungumza lugha ya pande zote mbili. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, Warundi zaidi ya 30,000 walirudi kutoka Tanzania, wengi wao wakiwa wameishi na Kiswahili kwa miaka. Shuleni nako kinafundishwa.

Kwa hiyo msingi uwe Kiswahili sanifu, na tofauti za watu zionekane katika adabu na kasi ya usemi. Kijana amwamkie mzee “shikamoo” hata kama filamu ya asili ina salamu moja kwa wote. Misemo ya mtaa wa Buyenzi au ya Nairobi ipewe mhusika mmoja anayestahili, maana kila msemo wa mtaa mmoja unapunguza miji ambayo filamu itaeleweka.

Idadi ya miji ndiyo inayoamua. Tiketi ikirudisha faranga 1,000 kwenye gharama, tunahitaji watazamaji 6,375, sawa na maonyesho 64 ya ukumbi wa watu 100 uliojaa. Gitega na Muyinga, kila mmoja ukionyesha mara moja kwa wiki, zitachukua wiki 32. Ongeza miji mitano inayozungumza Kiswahili, kwa mfano Bujumbura, Kigoma, Uvira, Bukavu na Bukoba, na muda unashuka hadi kidogo zaidi ya wiki tisa.

Swali la kuuliza kwanza

Bajeti yote hii inasimama juu ya kitu kimoja ambacho hakijatajwa: mkanda wa muziki na milio, ambao hauna mazungumzo ndani yake. Mwenye filamu akikupa, sauti za Kiswahili zinaingia mahali pake na mlango unaendelea kugongwa, mvua inaendelea kunyesha. Asipokupa, kuna ujanja wa kuzima chaneli ya kati ya sauti, ambako mazungumzo mengi hukaa, lakini humo humo zimo nyayo na milio mingine. Zikizimika, fundi atalazimika kuzitengeneza upya moja moja, na zile saa 40 za kuchanganya hazitatosha.

Anayetaka kuanza basi asisaini mkataba wa filamu yoyote kabla mkanda huo na orodha kamili ya mazungumzo havijaandikwa ndani yake. Na akilazimika kupunguza gharama mahali, asiguse saa 45 za kulinganisha maneno na midomo. Hizo ni faranga 675,000 kati ya 6,375,000, na zikikosekana mtazamaji wa kwanza ukumbini ataziona.