Hesabu ya sufuria, siyo ya kilo

Sokoni, fungu la dagaa la shilingi 1,000 huonekana rahisi na kilo ya mbaazi ya shilingi 2,000 huonekana ghali. Mama mwenye watu sita wa kulisha huko Mtua, au kokote kati ya Nachingwea na Ruangwa, asiishie kwenye bei hizo. Aulize chungu kizima kitamgharimu kiasi gani mpaka wote sita washibe.

Tuchukue bei za mfano. Wewe weka za gulio lako. Ugali wa watu sita, wakubwa kwa wadogo, unataka kama kilo moja na nusu ya dona. Kwa shilingi 1,000 kilo, hiyo ni 1,500. Mbaazi kavu nusu kilo ni 1,000, nazi moja 1,000, kitunguu na chumvi 300, mkaa 700. Mlo mzima ni shilingi 4,500. Sasa dagaa: fungu moja halitoshi, utahitaji kama robo kilo, yaani 2,500. Ongeza ugali, mafuta 500, nyanya na vitunguu 600, mkaa 400. Mlo umefika 5,500.

Mbaazi zinashinda kwa sababu zinapochemka huvimba zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Udhaifu wake ni moto. Ziloweke usiku kucha, kisha chemsha kilo nzima ya milo miwili kwa pamoja. Mkaa wa 1,400 unaweza kushuka hadi 900. Lakini zile za mlo wa pili zitenge kabla ya kutia nazi, maana tui huchacha upesi kwenye joto letu.

Wiki ina milo mikubwa 14. Tuseme sita ni ya mbaazi, minne ugali kwa kisamvu cha karanga (3,800), miwili ya dagaa, miwili wali na maharage (5,800). Jumla ni 64,800. Chai na muhogo wa asubuhi kwa 2,000 huongeza 14,000, hivyo wiki ni 78,800, na mbaazi zikichemshwa kwa pamoja unarudishiwa 1,500.

Unga ukiisha Ijumaa badala ya Jumapili, usikimbilie kulaumu bei. Ugali mara 12 ni kilo 18. Pima kopo lako kwenye mizani uone kama kweli linabeba unachodhani.

Kilo hizo 18 ndizo zinazonishughulisha zaidi. Mwezi Juni mahindi yamejaa na bei iko chini, nasi huuza. Januari hadi Aprili, fedha ya korosho imekwisha na mavuno hayajafika, tunanunua yale yale kwa bei ya juu. Miezi hiyo minne ni wiki 17, sawa na kilo 306. Dona haipotezi pumba, kwa hiyo ni magunia matatu ya kilo 100 na ziada kidogo. Yakaushe vizuri, yafunge kwenye mifuko ya kinga njaa, ndipo upeleke mengine sokoni.