Drishyam: Uanze na ya Kimalayalam au ya Kihindi?

Siku nilipokaa kuitazama Drishyam ya Kimalayalam, tayari nilikuwa nimeshaiona ya Kihindi, na hilo liliniharibia. Saa nzima ya mwanzo nilikuwa namsubiri Ajay Devgn. Mbele yangu alikuwepo Mohanlal, bwana mwenye kitambi, amejifunga shuka kiunoni, anavutana na mkewe juu ya matumizi ya nyumbani, nami moyoni nasema: huyu siye. Shangazi yangu yeye alianza na hiyo ya Kimalayalam, na alipokuja kuiona ya Kihindi aliugua ugonjwa uleule. Kwake Ajay Devgn ndiye aliyevaa nguo za mwenzake. Tulibishana jioni nzima ipi nzuri, mpaka chai ikapoa, ndipo tukagundua kwamba ubishi wetu haukuhusu filamu. Kila mmoja alikuwa anaitetea ile aliyoiona kwanza.

Kwa filamu nyingi zilizorudiwa kwa lugha nyingine jambo hili halina madhara makubwa. Kwa Drishyam lina madhara, kwa kuwa kisa chenyewe kinahusu kitu gani mtu amekiona na amekiona lini. Hata jina lake, lenye asili ya Kisanskriti, maana yake ni kile kinachoonekana.

Ya asili ilitoka Desemba 2013 katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, ikiandikwa na kuongozwa na Jeethu Joseph. Mhusika mkuu, Georgekutty, ni yatima aliyeishia darasa la nne. Ana biashara ya kuwaungia watu televisheni ya kebo katika mji mdogo wa milimani. Usiku hukesha ofisini akitazama filamu, na karibu yote anayoyajua kuhusu polisi na mahakama ameyapata humo. Ana mke na mabinti wawili. Kijana mmoja anamrekodi binti mkubwa kwa simu akiwa anaoga, kisha anamfuata nyumbani kumtishia. Inatokea vurumai, na kijana anakufa. Kumbe ni mtoto pekee wa Inspekta Jenerali wa polisi, naye Inspekta Jenerali huyo ni mama. Kuanzia hapo mtu wa darasa la nne anapambana na jeshi zima la polisi, na silaha yake ni filamu alizozitazama.

Kisa hiki kilisafiri haraka. Mwaka 2014 kilirudiwa kwa Kikannada na Kitelugu, 2015 kwa Kitamil na Kihindi, 2017 kwa Kisinhala huko Sri Lanka, na 2019 kwa Kichina. Toleo la Kihindi liliongozwa na Nishikant Kamat, na jina likabaki lilelile. Familia ikahamishiwa Goa, Georgekutty akawa Vijay Salgaonkar, na nafasi ya mama Inspekta Jenerali akapewa Tabu.

Kabla ya kuchagua, hakikisha kwanza mkononi una ipi. Filamu nyingi za kusini mwa India huzunguka zikiwa zimeingizwa sauti ya Kihindi, na mtu anaweza kuapa kwamba ameona toleo la Kihindi ilhali ameona ya asili iliyobandikwa sauti nyingine. Midomo itakwambia: ikifunga kabla neno halijaisha, hiyo ni sauti iliyopachikwa. Njia ya haraka zaidi ni sura. Ukimwona Mohanlal, ni ya asili. Venkatesh ni ya Kitelugu, Kamal Haasan ni ya Kitamil, Ajay Devgn ni ya Kihindi. Tahadhari nyingine ni kuhusu sehemu ya pili, iliyotoka kwa Kimalayalam 2021 na kwa Kihindi 2022. Hiyo usiiguse kabla ya sehemu ya kwanza, kwa sababu inaanzia pale siri inapoishia.

Sasa tuziweke mbili hizi ubavu kwa ubavu. Nitafichua ujanja mmoja wa katikati. Siri kubwa ya mwisho sitaigusa, na asiyetaka kujua hata huo ujanja airuke aya inayofuata.

Polisi wanapomuuliza Georgekutty tarehe 2 Agosti alikuwa wapi, anajibu kwamba alikuwa safarini na familia: walihudhuria mafungo ya kanisa katika mji wa Thodupuzha, wakalala gesti, wakala hotelini, wakaangalia filamu, wakarudi kwa basi. Polisi wanamfuata kondakta, mwenye gesti na wengine. Wote wanakubali: ndiyo, tuliwaona, na ilikuwa tarehe 2. Hakuna aliyehongwa. Ukweli ni kwamba familia ilikwenda kweli, ila ilikwenda baada ya tukio. Baadaye Georgekutty akarudi peke yake kwa mmoja mmoja wa watu wale, akapiga nao soga, na katikati ya soga akaitaja tarehe kana kwamba si kitu. Walichokiona ni cha kweli, na yeye alichobadilisha ni siku tu. Shahidi wa aina hiyo humtikisi, maana hasemi uongo, anasema anachokiamini.

Katika toleo la Kihindi ujanja ni uleule, lakini vitu vyake vimebadilishwa kwa uangalifu. Familia ya Georgekutty ni ya Kikristo, hivyo inakwenda kwenye mafungo. Familia ya Vijay ni ya Kihindu, hivyo inakwenda Panjim kumsikiliza mhubiri wa dini yao, na inakula pav bhaji. Tarehe nayo imesogezwa hadi 2 Oktoba. Ukiwa India huwezi kuisahau siku hiyo, kwa kuwa ni kuzaliwa kwa Gandhi na ni sikukuu ya taifa. Kwa mtazamaji wa Mumbai hilo ni pigo zuri, kwani tarehe inajikaza kichwani mwake kama inavyojikaza vichwani mwa mashahidi. Ila mimi naona lina gharama. Tarehe 2 Agosti haina maana yoyote kwa mtu yeyote, na hapo ndipo ufundi wa Georgekutty unapoonekana: anaipandikiza siku tupu kwenye kumbukumbu za watu. Vijay ameazima siku ambayo tayari watu wanaikumbuka.

Tofauti ya pili imo katika saa ya kwanza. Jeethu Joseph hana haraka. Anatuonyesha ubahili wa Georgekutty, utani wa mgahawa wa chai, askari mla rushwa asiyempenda, na mke anayelalamika kwamba mume anaoa filamu. Ukiwa hujui kinachokuja, unaweza kusema filamu imelala. Ukweli ni kwamba inaficha: karibu kila jambo dogo la saa ile litarudi baadaye likiwa na kazi. Toleo la Kihindi lina mambo hayohayo kwa sehemu kubwa, lakini linayapitia likiwa na jicho kwenye hatari ijayo. Mtazamaji anaambiwa mapema ajiandae.

Kisha kuna suala la stelingi. Ajay Devgn sisi tunamjua. Mwaka 2011 alikuwa afisa wa polisi katika Singham, akiwatandika wabaya mpaka magari yanapaa. Anapokuja kucheza mtu mpole wa kebo, sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tunakaa tunangoja ngumi, tena tunajua stelingi hafi. Kerala nako Mohanlal ni nyota wa miaka mingi, na watu wake bila shaka walimtazama kwa matumaini hayohayo. Lakini kwa wengi wetu hapa pwani hana historia. Anaingia kama jirani mnene aliyefunga shuka, na tunaamini kwamba anaweza kushindwa. Wenyewe wa Kerala hawakuweza kuipata hofu hiyo kikamilifu, sisi tunaipata bure, na tunaipata mara moja tu.

Toleo la Kihindi lina deni lake linalopaswa kulipwa, nalo ni Tabu. Asha Sharath katika ya asili ni imara, na alistahili kuitwa tena kucheza nafasi ileile kwa Kitamil. Lakini Tabu anafanya jambo gumu zaidi: mtu yuleyule anakuwa bosi wa polisi kwenye sentensi moja na mama aliyepotelewa na mtoto kwenye sentensi ifuatayo, bila kubadilisha sauti. Kwa ajili yake filamu inakuwa pambano la wazazi wawili, na unashindwa kujua umwombee nani. Pambano hilo halipungui ladha ukiujua mwisho. Naona hata linaongezeka, kwa sababu sasa unajua kile ambacho mama yule anakitafuta na hakioni.

Basi hukumu yangu ni hii. Anza na ya Kimalayalam, kisha uende kwenye ya Kihindi. Simpi wa kwanza heshima kwa kuwa alitangulia, maana wahenga walishasema kutangulia si kufika. Nasema hivyo kwa kuwa mshangao unatumika mara moja, na ya asili ndiyo inayouhitaji zaidi, wakati nguvu kubwa ya toleo la Kihindi inabaki hata baada ya mshangao kwisha. Ukigeuza mpangilio, ile saa ya kwanza ya Georgekutty itakuchosha kama ilivyonichosha mimi.

Nina ruhusa moja. Ya Kimalayalam utaipata zaidi ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, nayo inazidi saa mbili na nusu. Kama unatazama na mzee asiyeyafuata maandishi, lakini masikio yake yamezoea Kihindi tangu enzi za majumba ya sinema, anzeni na ya Kihindi. Kisa kinachoeleweka nusu hakimshangazi mtu.

Ya Kichina iweke mwisho. Inaitwa Sheep Without a Shepherd, imewekwa Thailand ingawa watu wake wanaongea Kichina, na imeugeuza mwisho wa kisa. Inabishana na ya asili kuhusu mtu wa namna hii astahili nini, na ubishi huo hutauelewa kama hukumsikiliza msemaji wa kwanza. Ya Kitamil ni kinyume chake. Jeethu Joseph aliirudia mwenyewe, karibu onyesho kwa onyesho, akaipa jina la mji wa Papanasam, jina lenye maana ya kuteketeza dhambi. Kisa ni kilekile, ila ukilifikiria jina hilo hadi mwisho, unajikuta unaulizwa swali ambalo jina la kwanza halikuuliza.

Hiyo Papanasam mimi na shangazi tuliitazama pamoja, ngeni kwetu sote, tukiamini kwamba sasa hakuna atakayekuwa na upande. Kamal Haasan alipotokea na masharubu yake hatukuongea kwa dakika kama kumi. Halafu shangazi akaweka kikombe chini na kunigeukia. "Mwanangu," akasema, "huyu naye siye." Na mara hii nilikubaliana naye.