Dawa ya Kutuliza Inapomtibua Mgonjwa

Midazolamu ni dawa inayochomwa kwenye mshipa ili mgonjwa asinzie kidogo na hofu imtoke, wakati daktari anapopitisha mrija wenye kamera kinywani mwake hadi tumboni. Ni ndugu wa diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valiamu, na zote mbili ni za ukoo wa dawa uitwao benzodiazepini. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliingia sokoni mwaka 1960, kutokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach katika kampuni ya Roche, na Valiamu ikafuata mwaka 1963. Kwa wagonjwa walio wengi dawa hizi hufanya kile kile zilichokusudiwa: macho hulegea, ulimi huwa mzito, mwili hutulia. Lakini kwa wachache, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa mmoja katika kila mia au pungufu, sindano ile ile huleta kinyume chake. Mgonjwa hupayuka, hulia, hutukana, hurusha mikono na kutaka kushuka kitandani. Hali hiyo huitwa mmenyuko kinzani, yaani mwili kuijibu dawa kwa kinyume cha kazi yake.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanamume wa miaka 45, mpole, asiyetumia vidonge vya usingizi wala kunywa pombe kila siku, amelazwa kwa ubavu akisubiri kupimwa tumbo. Anachomwa miligramu 2 za midazolamu. Baada ya dakika tatu hivi hajasinzia. Badala yake maneno yanamtoka kwa kasi, anacheka pasipo cha kuchekesha, kisha anaanza kuuvuta mrija wa dripu. Muuguzi anadhani dawa haijatosha, naye daktari anaongeza miligramu 2. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mgonjwa anaketi, anamsukuma muuguzi, anapiga kelele kwamba wanataka kumuua, na watu watatu wanahitajika kumshika asianguke.

Kosa la kuongeza dozi linaeleweka, kwa sababu mgonjwa asiyetulia baada ya dawa ya kutuliza huonekana kama mtu aliyepewa kidogo. Kwa kweli mara nyingi ndivyo ilivyo, na dozi ya pili humlaza. Katika mmenyuko kinzani, hata hivyo, kila tone linaloongezwa ni sawa na kumwagia moto mafuta ya taa, na hiyo yenyewe ni dalili ya kuutambua: ghasia zinaanza dakika chache baada ya sindano, na zinazidi kila dozi inapozidi.

Kabla ya kuituhumu dawa, kuna mambo ya kuangaliwa haraka. La kwanza ni oksijeni. Mtu aliyelegezwa na dawa anaweza kupumua kwa shida, na ubongo unaokosa hewa humfanya apapatike vile vile kama mgonjwa wa mfano huu. Ndiyo maana kipimo kinachobanwa kidoleni hutazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Kisha hupimwa sukari ya damu, kwa sababu sukari ikishuka mno mtu hukosa utulivu na kuwa mkali. Baada ya hapo huulizwa mambo ambayo ni rahisi kusahaulika, kama vile maumivu, au kibofu kilichojaa kwa mtu aliyepoozwa akili kiasi cha kushindwa kusema anataka haja ndogo. Yote hayo yakiwa sawa, ndipo midazolamu inapobaki kuwa mtuhumiwa mkuu.

Dawa ya kuiondoa ni flumazenili, ambayo huingia mahali pale pale benzodiazepini zinapokaa katika ubongo na kuzibandua. Mgonjwa wa mfano wetu anapewa miligramu 0.2 taratibu kwenye mshipa, daktari anasubiri dakika moja, kisha anaongeza kidogo kidogo bila kuvuka jumla ya miligramu 1. Mara nyingi matokeo huwashangaza hata waliozoea: ndani ya dakika moja au mbili mtu aliyekuwa akipigana anatulia, anatazama huku na huku, na kuuliza kama kipimo kimekwisha. Hakumbuki alichofanya, kwa sababu midazolamu hufuta kumbukumbu ya saa ile. Bado haruhusiwi kwenda nyumbani mara moja. Nguvu ya flumazenili hudumu kama saa moja tu, na midazolamu iliyosalia mwilini inaweza kumrudia.

Pasipokuwa na flumazenili, linalobaki ni kusimamisha kipimo, kutoongeza benzodiazepini ya aina yoyote, kumlinda mgonjwa asijiumize na kungoja, maana midazolamu haikai sana mwilini.

Kwa nini dawa ya kutuliza imtibue mtu? Jibu linaanzia kwenye kemikali ya ubongo iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kuzipunguza kasi seli za neva. Kwenye ngozi ya seli kuna vijilango vidogo. Gaba ikitua juu ya kijilango, kinafunguka na chembe za kloridi zinaingia ndani, na seli iliyoingiwa na kloridi huwa ngumu kuamshwa. Benzodiazepini hazivifungui vijilango hivyo zenyewe. Zinakaa pembeni na kuifanya gaba ivifungue mara nyingi zaidi. Pombe nayo huiongezea gaba nguvu, ingawa kwa njia nyingine, na papo hapo huzikandamiza kemikali zinazoichangamsha seli. Kwa hiyo bia na kidonge cha Valiamu, ingawa kimoja hununuliwa baa na kingine duka la dawa, ndani ya kichwa hukutana kwenye mlango mmoja.

Sasa ubongo si taa moja inayozimwa kwa swichi moja. Sehemu yake ya mbele, nyuma ya paji la uso, kazi yake kubwa ni kuzuia: kumkumbusha mtu kwamba anayemtukana ni bosi wake, kwamba polisi wapo karibu, kwamba neno lililomfika ulimini limezwe. Chini zaidi ndani kuna sehemu zinazowasha woga na hasira. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kwa baadhi ya watu, na kwa kiasi fulani cha dawa, kizuizi cha mbele hulegea kabla ya hasira ya chini kulala. Gari limepoteza breki lakini injini bado inanguruma. Dawa ikizidi sana, injini nayo huzimika na mtu hulala fofofo, lakini kati ya hatua hizo mbili kuna kipindi cha hatari. Maelezo haya hayamalizi kila kitu. Hayasemi, kwa mfano, kwa nini ndugu wawili wapewe dozi moja na mmoja tu ndiye aruke.

Yanajulikana, hata hivyo, makundi yaliyo karibu zaidi na hatari hiyo: watoto, wazee, watu wenye historia ya ulevi, na wale ambao hata wakiwa hawajatumia kitu ni wepesi wa kushikwa na hasira au kutenda kabla ya kufikiri. Kwa watoto wachanga kuna sababu ya ziada. Seli zao za neva bado zina kloridi nyingi ndani, hivyo gaba, ambayo kwa mtu mzima hutuliza, kwao inaweza kuchangamsha.

Kwa upande wa pombe, hali hii ni ya kawaida mno hata haionekani kuwa kinzani. Kila kilabu kina mnywaji anayesinzia kwenye kiti na mwingine anayevua shati kutafuta wa kupigana naye. Hapa wakati una maana kubwa. Kilevi kinapopanda katika damu, yaani katika saa ya kwanza hivi, mtu huhisi kuchangamka. Kinaposhuka ndipo uzito na usingizi huja. Ugomvi hupata nafasi zaidi pale panapopanda. Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs waliongeza jambo jingine: pombe hubana upeo wa mtu, akabaki kuona kilicho mbele ya pua yake tu. Aliyekanyagwa mguu huuona mguu. Haoni kwamba aliyemkanyaga ameomba radhi, wala haikumbuki kesho.

Jaribio maarufu la jambo hili lilibuniwa na Stuart Taylor, aliyechapisha habari zake mwaka 1967. Mtu huketi mbele ya mashine na kuambiwa anashindana na mwenzake wa chumba cha pili kubonyeza kitufe haraka. Kabla ya kila raundi huchagua ukubwa wa shoti ya umeme atakayopigwa mwenzake akishindwa. Ukweli ni kwamba mwenzake hayupo, na shoti anazopokea yeye hupangwa na watafiti. Waliopewa pombe walichagua shoti kali kuliko wasiopewa, hasa walipochokozwa. Baadaye Taylor na wenzake walijaribu diazepamu katika mchezo huo huo, na waliomeza nao wakachagua shoti kubwa zaidi. Wahusika hawakuwa wagonjwa wala wahalifu. Ni watu wa kawaida waliopewa dawa inayoandikiwa wenye wasiwasi.

Vitu hivi viwili vikitumiwa pamoja, hatari huongezeka. Flunitrazepamu, ambayo Mombasa vijana wanaiita bugizi, ni benzodiazepini yenye nguvu, na mara nyingi humezwa kwa pombe. Uswidi, watafiti waliozungumza na vijana wahalifu waliokuwa wakiitumia waliambiwa kwamba iliwaondolea woga kabisa na kuwafanya wajione hawashindwi na lolote. Baadaye wengi hawakukumbuka waliyoyatenda. Hatari nyingine ya mchanganyiko huo ni kubwa zaidi ya ugomvi: pombe na benzodiazepini vikikutana vinaweza kusimamisha pumzi.

Kuna hali moja inayofanana na mmenyuko kinzani lakini tiba yake ni kinyume kabisa. Mlevi wa miaka mingi aliyeacha pombe ghafla, pengine kwa kuwa amelazwa hospitali, huanza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani na kupambana na wauguzi siku ya pili au ya tatu. Huyu hakutibuliwa na dawa. Ubongo wake, uliokwisha kuzoea kukandamizwa, umeachiwa ghafla, na diazepamu ndiyo dawa yake. Akipewa flumazenili anaweza kupatwa na degedege, sawa na mtu anayemeza benzodiazepini kila siku. Ndiyo maana swali la mgonjwa anakunywa nini na anameza nini linapaswa kuulizwa kabla ya sindano yoyote. Jamaa wanaomficha ndugu yao kwa aibu humweka hatarini.

Aliyewahi kupata mmenyuko kinzani anaweza kuupata tena. Kwa kuwa mwenyewe hatakumbuka kilichotokea, aliyemsindikiza ndiye shahidi. Amwombe daktari aandike kwenye cheti jina la dawa, kiasi alichopewa na alichokifanya mgonjwa, na cheti hicho kionyeshwe kila mara mgonjwa anapopelekwa kupigwa dawa ya usingizi.