Tathmini ya Karani wa Hesabu Asiyetaka Cheo

Tathmini ya mwaka hubeba mambo mawili ambayo fomu nyingi huyachanganya: kazi iliyofanyika katika miezi kumi na miwili iliyopita, na mahali mfanyakazi anapoweza kufika baadaye. Kwa walio wengi mchanganyiko huo hauna madhara makubwa. Kwa karani wa hesabu anayeaminika lakini hana haja ya kupanda cheo, huharibu tathmini nzima. Ama kazi yake nzuri hupewa alama ya wastani kwa kuwa hakuomba kusomeshwa, ama hupewa alama za juu kila mahali na sehemu ya maendeleo ikajazwa "aendelee hivyo hivyo". Kosa la pili ndilo linaloishi miaka mingi, maana halimuudhi mtu.

Mfano wa kubuni utasaidia. Kampuni ya Dar es Salaam inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla ina karani aliyekaa dawati moja kwa miaka tisa. Huandaa hati za malipo, hutunza leja ya wadai, hufanya usuluhisho wa benki na kukusanya takwimu za kodi. Mara mbili ameambiwa nafasi ya mhasibu msaidizi iko wazi, na mara zote mbili amekataa kwa upole. Mwisho wa mwaka meneja wa fedha anapaswa kumwandikia tathmini.

Kazi ya kwanza ya meneja ni kukusanya ushahidi kabla ya kugusa fomu. Asipofanya hivyo ataandika anachokikumbuka, na kumbukumbu hupendelea wiki chache za mwisho. Uzuri wa kazi za hesabu ni kwamba huacha nyayo. Kodi inayokatwa kwenye mishahara hutakiwa kufika Mamlaka ya Mapato kabla ya siku saba kupita baada ya mwezi kwisha, na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani huwasilishwa kufikia tarehe 20. Meneja akifungua jalada ataona kama kuna mwezi uliochelewa na kama kampuni ilitozwa faini. Tarehe za usuluhisho wa benki zimo kwenye makaratasi yenyewe. Hoja za wakaguzi wa nje zimeandikwa.

Kwa karani huyu ushahidi ni mzuri. Hakuna ritani iliyochelewa, na usuluhisho ulikamilika ndani ya siku tano za kazi kila mwezi isipokuwa Agosti. Sifa yake basi iandikwe hivyo, kwa tarehe na vitu vinavyoonekana. Sentensi kama "ni mchapakazi na mwaminifu" humfaa mlinzi, dereva na mkurugenzi vilevile, na meneja akibadilika mwaka ujao haitamsaidia kitu. Alama nayo ifuate ushahidi. Ikiwa fomu ina ngazi tano na ya nne ni "amevuka matarajio", anastahili nne kwenye usahihi na muda, hata kama hatatahiniwa kamwe na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Cheo cha karani hakimdai atake cheo kingine.

Agosti ndiyo inayofungua sehemu ngumu. Mwezi huo karani alikwenda likizo ya siku kumi, ingawa sheria ya kazi ya Tanzania inampa zisizopungua 28 kwa mwaka. Aliyemshikia nafasi alilipa ankara ya saruji ya shilingi 2,300,000 ambayo ilikwisha kulipwa Julai. Fedha zilirudi baada ya miezi miwili ya kumfuatilia muuzaji. Meneja alipochunguza akagundua kwamba muuzaji yuleyule alikuwa ameleta ankara za marudio mara tatu nyingine mwaka huo, na karani amezinasa zote. Alizirudisha na maelezo mafupi ya kalamu ya risasi, akaendelea na kazi. Hakuna aliyeambiwa.

Hapo ndipo pengo lilipo, na halihusiani na kutaka makuu. Karani hunasa kosa lakini harepoti kwamba linajirudia, hivyo kinga ya kampuni imekaa kichwani mwa mtu mmoja na huondoka naye akienda likizo. Aidha, likizo fupi fupi zenyewe ni suala la udhibiti wa ndani. Wizi mmoja wa zamani katika ofisi za hesabu ni kuchukua malipo ya mteja mmoja na kuziba pengo lake kwa fedha za mteja anayefuata. Humtaka mwizi awepo kazini kila siku, la sivyo pengo litaonekana. Ndiyo maana mkaguzi humtazama mara mbili mtu asiyependa kwenda likizo, hata awe mwadilifu kiasi gani. Meneja anapaswa kulieleza hili wazi, kwamba likizo ndefu humlinda karani mwenyewe dhidi ya shaka.

Malengo ya mwaka ujao hutoka humo humo. La kwanza, karani aandike mwongozo wa hatua za usuluhisho na za kukagua ankara kabla ya Machi kwisha. La pili, kila mwezi ampe meneja orodha ya ankara alizozikataa, jina la muuzaji na sababu. Nusu ukurasa unatosha. La tatu, achukue angalau wiki mbili za likizo kwa mfululizo. Lengo la kumtaka aanze masomo ya uhasibu, ambalo mameneja hupenda kuliandika kwa kuwa linapendeza kwenye fomu, liachwe. Hatalitimiza, na mwaka utakaofuata meneja atalazimika kuandika "halikufikiwa" dhidi ya karani wake bora.

Mpaka mmoja uangaliwe. Kutotaka cheo ni haki yake. Kutotaka kujifunza kazi aliyonayo si haki. Kampuni ikihama kutoka majedwali ya Excel kwenda mfumo mpya wa hesabu, mafunzo ni sehemu ya kazi, na akiyakwepa alama itashuka.

Fomu apewe siku kadhaa kabla ya kikao ili ajitathmini kwanza. Katika kikao, sifa zisomwe mpaka ziishe, naye apewe nafasi ya kuzijibu, ndipo suala la ankara liletwe kama jambo linalojitegemea. Mambo hayo mawili yakifungwa pamoja katika sentensi moja, hubaki lawama tu sikioni. Swali la matamanio liulizwe kila mwaka bila kudhania jibu: "Dada, mwaka ujao ungependa kazi ibaki ilivyo, au kuna kitu ungetaka kibadilike?" Huenda alikataa nafasi ile kwa sababu ya watoto wadogo ambao sasa wamekua. Huenda pia hakuipenda tu, na jibu hilo linatosha. Kama amefika kikomo cha mshahara wa daraja lake, aambiwe hivyo kwa tarakimu. Kumwachia matumaini ya nyongeza isiyokuwepo ni kumdanganya.

Wote wawili hutia saini, na karani asipokubaliana na alama huandika maoni yake kwenye fomu hiyohiyo. Mwongozo hupimwa katikati ya mwaka, wiki zile mbili za likizo: mwenzake afanye usuluhisho kwa kuufuata, bila kumpigia simu mwenyewe. Hatua itakayomkwamisha ndiyo itakayoandikwa upya.