Kamba ya Gemu na Siri ya Nukta Mbili

Ukicheza gemu ya pande mbili ukaona mhusika ananing'inia kwenye kamba, hiyo kamba si kitu kimoja. Ni nukta kadhaa zilizopangwa mstari, na kila nukta imefungwa na jirani yake kwa kiungo cha urefu maalumu. Ajabu ni kwamba nukta hizo hazitunzi kasi yake popote. Zinakumbuka mahali zilipo sasa na mahali zilipokuwa fremu iliyopita, basi.

Njia hii inaitwa kwa jina la mwanafizikia Mfaransa Loup Verlet, aliyeitumia mwaka 1967 kukokotoa mwendo wa atomi za argoni. Kwenye gemu iliingia kwa kishindo kupitia Thomas Jakobsen, aliyeitumia katika *Hitman: Codename 47* ya mwaka 2000.

Hesabu yenyewe ni mstari mmoja:

```
y_mpya = y + (y - y_zamani) + g*dt*dt
```

Tuseme nukta iko pikseli 100 kutoka juu ya skrini, na fremu iliyopita ilikuwa 98. Mvutano ni pikseli 1800 kwa sekunde kwa sekunde, na fremu ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo `g*dt*dt` ni 0.5. Nukta inaendelea na zile 2 ilizokuwa nazo, inaongezewa nusu, inafika 102.5.

Baada ya hapo viungo hukaguliwa. Kiungo cha pikseli 20 kikikutwa kimefika 26, kila nukta inasogezwa 3 kuelekea mwenzake. Kama moja imepigiliwa ukutani, nyingine inabeba zote 6. Kwa kuwa kasi imefichwa katika tofauti ya mahali, kusogeza nukta kunarekebisha kasi papo hapo, na huo ndio uzuri wa njia hii.

Tatizo ni kwamba ukinyoosha kiungo kimoja unaharibu cha jirani. Ndiyo maana ukaguzi hurudiwa mara kadhaa katika kila fremu. Mnyororo mrefu ukikaguliwa mara moja tu utavutika kama mpira, na utauona zaidi kwenye viungo vya juu, vinavyobeba uzito wa vyote vilivyo chini. Ongeza mizunguko, au punguza nukta. Wengine huweka sharti la ziada: ncha ya chini isizidi umbali wa kamba nzima kutoka kwenye msumari. Mimi naona hilo ndilo nafuu kuliko yote.

Kitambaa ni hesabu ileile, ila nukta zinapangwa safu kwa safu, kila moja ikifungwa na ya kando na ya chini. Ukitaka kichanike, futa kiungo kinapovutika kupita kiasi.

Ila usiache `dt` ibadilike ovyo. Fremu moja ikichelewa, tofauti ya mahali haiwakilishi tena kasi ya kweli, na kamba itashtuka. Kokotoa kwa hatua zisizobadilika, hata kama skrini inachora kwa mwendo mwingine.